Kula mara sita hakuchomi mafuta zaidi ya kula mara tatu

*"Daktari, mimi ni mama wa miaka 36, nauza mitumba Kibuye hapa Kisumu. Kocha wa jimu aliniambia nile mara sita kwa siku, kidogo kidogo, kwa sababu mwili ni kama jiko la makaa: usipoongeza makaa linazima, na mafuta hayachomeki. Nimefuata hivyo miezi miwili na jimu naenda mara tatu kwa wiki. Nilikuwa kilo 82, sasa ni 84. Urefu wangu ni sentimita 162. Asubuhi nakunywa chai na mkate, saa nne chai ya maziwa na andazi, mchana ugali na samaki, saa kumi ndizi na njugu, usiku ugali na sukuma wiki, na kabla ya kulala glasi ya maziwa. Je, umetaboli wangu umeharibika? Halafu mama yangu ana kisukari, na kliniki naye humwambia ale kidogo kidogo. Tumwamini nani?"*

Umetaboli wako, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula kupata nguvu, haujaharibika, dada. Kilo hizo mbili zimejieleza zenyewe katika orodha uliyoniandikia, na tutazihesabu pamoja hapa chini. Idadi ya milo haiufanyi mwili uchome kalori kwa kasi zaidi. Kinachoamua ni jumla ya ulichokula tangu asubuhi hadi usiku, na ni kiasi gani cha jumla hiyo ni protini. Kocha wako hakukudanganya kwa makusudi. Habari ya mara sita imefundishwa kwenye majimu kwa miaka mingi, na ndani yake mna ukweli mmoja uliosomwa vibaya. Nitaanzia hapo.

Kila unapokula, mwili hutumia nguvu kukishughulikia chakula hicho: kukisaga tumboni, kukifyonza, kukipeleka kwenye ini, kukigeuza na kukihifadhi. Mtu akipimwa pumzi zake kabla na baada ya kula, oksijeni anayoitumia hupanda, hukaa juu kwa saa kadhaa, kisha hurudi ilikokuwa. Hilo halina ubishi. Aliyeliona mara ya kwanza alijiuliza: kama kila mlo unaupandisha umetaboli, kwa nini nisiupandishe mara sita badala ya mara tatu? Swali zuri, ila aliyeuliza alisahau kutazama ukubwa wa kila mpando.

Gharama hiyo ya kushughulikia chakula hufuata kiasi ulichokula. Kwa chakula cha kawaida chenye mchanganyiko, ni takriban asilimia 10 ya kalori zilizoingia. Protini ndiyo ghali kuliko zote, kati ya asilimia 20 na 30. Wanga kama ugali na mkate ni asilimia 5 hadi 10, na mafuta ya kula hayafiki hata asilimia 5. Sasa chukua siku ya kalori 2,100. Ukiigawa kwa milo mitatu, kila mlo ni kalori 700 na mwili unatumia 70 kuushughulikia. Mara tatu ni 210. Ukiigawa kwa milo sita, kila mlo ni 350 na unatumia 35. Mara sita ni 210 vilevile. Umepata mipando mingi mifupi mahali pa michache mirefu, na jioni ukijumlisha huna hata kalori moja ya ziada.

Mfano wa jiko, nao, una kasoro moja kubwa: jiko halina akiba yake. Makaa yakiisha, moto umekwisha. Wewe unatembea na akiba. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, na ini lako lina hifadhi ya sukari inayokupitisha usiku kucha bila wewe kuamka kula. Kwa umri, uzito na urefu ulionitajia, mwili wako unatumia kama kalori 1,500 kwa siku hata ukilala kitandani mchana kutwa. Zaidi ya nusu ya hizo huliwa na ini, ubongo, moyo na figo, na viungo hivyo havingoji andazi la saa nne ndipo vifanye kazi. Ukiongeza kutembea, kusimama sokoni, kubeba marobota na mazoezi yako, tunafika kwenye 2,100 hivi. Hayo ni makadirio kwa fomula. Mtu wa umbo lako anaweza kuwa juu au chini yake kwa kalori 200 hivi, lakini yanatosha kwa kazi yetu ya leo.

Na ukikosa mlo, je, moto unashuka? Mwaka 1994 watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwafungisha watu kwa saa 12, saa 36 na saa 72, wakapima nguvu waliyotumia wakiwa wamepumzika. Kwenye saa 36 ilikuwa imepanda, haikushuka. Watafiti wa Vienna, Austria, nao waliona mpando wa aina hiyo katika siku za mwanzo za kufunga, pamoja na kupanda kwa homoni za jamii ya adrenalini zinazouamsha mwili. Umetaboli hushuka kweli pale mtu anapokula kidogo sana kwa majuma mengi na kupungua kilo, maana mwili mdogo hugharimu kidogo na pia hubana matumizi. Lakini hiyo ni habari ya majuma. Kukosa chai ya saa nne si njaa ya namna hiyo, na ningependa neno "mwili umeingia hali ya njaa" lisitumike kwa mtu aliyechelewa kula kwa saa tatu.

Basi imani hii ilipataje nguvu hivyo? Chanzo kimojawapo ni Praha, mji mkuu wa Ucheki. Mwaka 1964, mtafiti Fábry na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa wanaume wa umri mkubwa wa mji huo. Waliokula mara tatu au pungufu walikuwa na uzito mkubwa na kolesteroli ya juu kuliko waliokula mara tano au zaidi. Tafiti nyingine zilifuata zikisema jambo hilohilo, magazeti yakalichukua, makocha wakalichukua kutoka magazetini. Lakini huo ni uchunguzi wa kuwatazama watu jinsi walivyo, na hauwezi kusema kipi kilileta kipi. Mtu aliyeona suruali inambana huanza kuruka kiamshakinywa. Ukija kumpima siku hiyo utamkuta mnene na anakula mara mbili, kisha utaandika kwamba unene umeletwa na kula mara mbili.

Kuna tatizo la pili, na hili ndilo lililonishawishi zaidi. Watu hawaripoti vyote wanavyokula, na wenye uzito mkubwa husahau zaidi. Si uongo. Andazi lililoliwa umesimama, vijiko viwili vya mabaki ya mtoto, soda uliyonunuliwa na mteja: havikumbukwi kama mlo. Tunalijua hili kwa sababu ipo njia ya kupima nguvu anayotumia mtu katika maisha yake ya kila siku bila kumuuliza chochote. Anakunywa maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito, kisha mkojo wake unapimwa kwa siku kumi au kumi na nne, na kasi ambayo aina hizo mbili hutoka nayo mwilini inaonyesha ametumia kalori ngapi. Ukilinganisha na daftari lake la chakula, daftari mara nyingi linapungukiwa. Kinachosahaulika kwanza ni vitafunio, kwa hiyo mtu huyo anaonekana anakula kidogo na pia anaonekana anakula mara chache. Mwaka 1997 watafiti Bellisle, McDevitt na Andrew Prentice, yule aliyefanya kazi miaka mingi Gambia, walipitia tafiti zilizokuwapo na kusema waziwazi kwamba uhusiano ule unaweza kuwa umetokana na kasoro hizi. Pia waliona kwamba watu waliopimwa nguvu yao kwa saa 24 nzima hawakuonyesha tofauti kati ya kula kidogo kidogo na kula milo mikubwa michache.

Kipimo hicho cha saa 24 kinastahili kuelezwa, kwa sababu ndicho kinachokata mzizi wa swali lako. Mtu anaingia katika chumba kidogo kilichozibwa, chenye kitanda, meza na choo. Hewa inayoingia na inayotoka inapimwa, oksijeni na kabonidayoksaidi, dakika kwa dakika, hata akiwa usingizini. Anapewa chakula kupitia kidirisha. Huko Colorado, Marekani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalihusu watu 15 waliokula chakula kilekile, kiasi kilekile, siku moja kwa milo mitatu na siku nyingine kwa sita. Nguvu waliyotumia ilikuwa sawa. Mafuta waliyochoma yalikuwa sawa. Kilichobadilika ni kwamba walipokula mara sita, walisikia njaa zaidi na hamu ya kula iliongezeka. Hilo nalo ulikumbuke, maana tutalirudia.

Unaweza kusema chumba si maisha, na ni kweli. Kwa hiyo tazama Ottawa, Kanada, mwaka 2010. Watu 16 wenye uzito mkubwa walipunguziwa chakula kwa kiasi kimoja kwa majuma manane. Nusu walikula milo mitatu, nusu wakala milo mitatu na vitafunio vitatu. Walipungua karibu sawa. Jaribio ni dogo, nakubali, lakini linaelekea upande uleule na chumba.

Sasa tuje kwenye sahani yako. Hukuniandikia vipimo, kwa hiyo natumia vya kawaida vya hapa kwetu. Chai ya saa nne yenye maziwa nusu kikombe na vijiko viwili vya sukari ni kama kalori 110, na andazi la kawaida la kibandani ni kama 180. Ndizi moja mbivu ni 100. Njugu kiganja kimoja, gramu 30 hivi, ni 170. Glasi ya maziwa ya usiku ni 150. Jumla ya vitafunio hivyo vitatu ni kalori 710. Njugu ndizo huwashangaza watu: zinaonekana chache mkononi, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na pakiti ya muuzaji mara nyingi huzidi kiganja kimoja.

Kocha alikusudia upunguze milo mikubwa ili vitafunio vichukue nafasi. Hapo ndipo mpango huu hukwama kwa watu wengi. Ukishiba kidogo unapunguza ugali kidogo, lakini si kwa kalori 710. Tuseme bila kufikiria sana ulipunguza kalori 400 kwenye milo mitatu. Imebaki ziada ya 310 kwa siku. Kati ya hizo, 31 hivi zilitumika kushughulikia chakula chenyewe. Kwa hiyo ndiyo, umetaboli wako ulipanda, kocha hakukosea kwa hilo! Ulipanda kwa kalori 31 kwa sababu ulikula 310 zaidi, na zilizobaki 279 hazikuwa na pa kwenda. Kwa siku 60 hizo ni karibu 16,700. Gawanya kwa 7,700 utapata kilo mbili na kidogo. Mizani yako inasema kilo mbili. Sidai kwamba hesabu hii ni kamili hivyo, kwani mazoezi nayo yameongeza misuli kidogo na maji kidogo, lakini unaona kwamba hatuhitaji umetaboli ulioharibika ili kuzieleza kilo zako.

Kwa nini basi kuna watu wanaoapa kwamba mara sita imewapunguza? Kwa sababu kweli imewapunguza, kwa wale ambao bila kitafunio cha saa kumi hufika nyumbani wakiwa na njaa kali na kula ugali wa watu wawili. Kwao ndizi ya kalori 100 imezuia kalori 500. Kuna na wale ambao kila wanapoonja kitu hamu inafunguka, kama walivyokuwa wale wa Colorado, na kwao milango sita ya kula ni sita ya kupitiliza. Wewe unafanya kazi Kibuye, ambapo mwenye njugu, mwenye mahindi ya kuchoma na mwenye mandazi wote hupita mbele ya meza yako. Nadhani uko kundi la pili, lakini ni wewe utakayeamua, na njia ya kujua nitakupa.

Kabla ya hapo kuna swali la misuli, maana ulisema unaenda jimu, na huko hamtafuti kupungua kilo tu. Hapa idadi ya milo ina sauti kidogo. Utafiti unaotajwa sana na watetezi wa milo mingi ni wa Japani, mwaka 1996: wanamasumbwi 12 waliokuwa wakipunguza uzito kwa kalori 1,200 tu kwa siku kwa majuma mawili. Waliokula mara mbili na waliokula mara sita walipungua kilo sawa, ila wa mara mbili walipoteza misuli zaidi. Usiupuuze, lakini tazama ulivyo: watu wachache, njaa kali, muda mfupi. Mwaka 2015 mtafiti Schoenfeld na wenzake walipokusanya majaribio yaliyokuwapo, walipata dalili kwamba milo mingi huboresha umbo. Walipotoa utafiti mmoja tu kwenye mkusanyiko wao, dalili hiyo ikatoweka. Matokeo yanayosimama kwa mguu mmoja namna hiyo siwezi kukujengea mpango juu yake.

Linalojulikana vizuri zaidi ni kwamba anayepunguza uzito akiwa anainua vyuma huhifadhi misuli akipata protini ya kutosha, na inafaa igawanywe katika milo kadhaa mikubwa kiasi badala ya kurundikwa usiku. Mitatu inatosha kabisa. Kwako ningelenga gramu 100 za protini kwa siku, yaani 30 na kitu kwa kila mlo. Rudi kwenye orodha yako uone: asubuhi chai na mkate, protini haifiki gramu 10. Usiku ugali na sukuma wiki, nayo ni haba. Umekuwa ukifanya mazoezi mara tatu kwa wiki ukitegemea samaki wa mchana na glasi ya maziwa. Hili ndilo kosa lenye uzito katika siku yako, na kocha angelizungumzia hili kabla ya saa nne na saa kumi.

Kisumu si mahali pa kukosa protini. Asubuhi mayai matatu ni gramu 18, na nusu lita ya maziwa mala ni 16 hivi. Mchana ngege wa wastani, ukitoa miiba, anakupa gramu 35, na akipikwa kwa mchuzi badala ya kukaangwa ndani ya mafuta unakwepa kalori ambazo huwezi kuziona. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni 120. Usiku weka omena pamoja na hiyo sukuma wiki. Omena mkavu gramu 50, ambao ukishapikwa ni kama kikombe kilichojaa, ana protini ya gramu 25 au zaidi. Ongeza kibakuli kidogo cha ndengu na umefika. Na ukumbuke protini ndiyo ghali kuishughulikia: kama unataka umetaboli upande kwa sababu ya chakula, hapo ndipo upandapo kidogo, na pia ndiyo hushibisha kwa muda mrefu.

Ugali ndio wa kupima, na ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, hata ukipikia familia. Usipime ugali uliopikwa, maana maji yanabadilika kila siku. Pima unga. Gramu 100 za unga wa mahindi ni kalori 360 hivi. Ukitia gramu 600 kwenye sufuria na ukala robo ya ugali ule, umekula unga wa gramu 150, yaani kalori 540. Nakisia hapo ndipo ulipo mchana na usiku. Shuka hadi sehemu yenye unga wa gramu 100 kila mlo, yaani moja ya sita ya sufuria hiyo, na umepunguza kalori 360 kwa siku. Ukiziacha pia zile 310 zilizoingia kupitia vitafunio, utakuwa umerudi kwenye 2,100 kisha ukateremka hadi 1,750 hivi. Mayai na omena vinachukua nafasi ya mkate, andazi na njugu, haviongezwi juu yake. Kwa tofauti hiyo utapungua theluthi moja ya kilo kwa wiki, labda zaidi kidogo wiki ya kwanza kwa sababu ya maji.

Chai ya saa nne si lazima uiache. Ukiipenda, ihamishe: kunywa chai bila mkate asubuhi na mayai yako yasogee saa nne, au kunywa chai hiyo bila sukari na bila andazi. Ukitaka kubaki na mara sita kabisa, gawa chakula hichohicho mara sita na matokeo yatakuwa yaleyale. Mimi ningechagua tatu kwako kwa sababu sahani tatu ni rahisi kupima kuliko sita, basi.

Kujua kama inafanya kazi, pima uzito asubuhi baada ya choo na kabla ya kula, siku tatu au nne kwa wiki, kisha chukua wastani. Usihukumu siku moja. Chumvi ya jana, hedhi, na hata choo kigumu vinaweza kusogeza mizani kilo moja au zaidi bila gramu ya mafuta kubadilika. Pima kiuno usawa wa kitovu kwa tepu ya fundi, mara moja kwa wiki mbili. Misuli utaijua jimu: ukiendelea kuinua uzito uleule au kuongeza huku kilo zikishuka, haijapotea. Zile mizani zinazodai kuonyesha asilimia ya mafuta kwa kusimama juu yake nisingezitegemea, maana hupitisha umeme mdogo mwilini na hubadilika kwa maji uliyokunywa. Ikiwa baada ya wiki nne wastani haujashuka, usitafute tatizo kwenye idadi ya milo. Pima unga tena, na andika kila kinachoingia mdomoni ukiwa sokoni kabla hakijaingia. Na ikiwa njaa ya jioni inakushinda, hapo ndipo ndizi ya saa kumi inarudi, na unaitoa kwenye ugali wa usiku.

Kuhusu mama, jibu linategemea dawa anazotumia. Kama anameza glibenklamidi, au anachoma insulini iliyochanganywa asubuhi na jioni, dawa hiyo inashusha sukari awe amekula au hajala. Kukosa mlo kunaweza kumfanya atetemeke, atoke jasho, achanganyikiwe, hata kuzimia. Kliniki inapomwambia ale kidogo kidogo inamkinga na hilo, na sababu hiyo haihusiani kabisa na kuchoma mafuta. Asipunguze milo kwa sababu ya barua hii. Kama anatumia metfomini peke yake, hatari hiyo ni ndogo sana, na yapo matokeo ya kutia moyo: Praha tena, mwaka 2014, wagonjwa 54 wa kisukari cha aina ya pili walipunguziwa chakula kwa kiasi sawa, wiki 12 kwa milo sita midogo na wiki 12 kwa milo miwili mikubwa ya asubuhi na mchana. Kwa milo miwili walipungua kilo 3.7, kwa sita kilo 2.3. Sisemi milo miwili imewasha umetaboli wao. Waliacha kabisa kula usiku, na ni rahisi kufuata kipimo cha sahani mbili. Lakini linatosha kuonyesha kwamba hata kwa kisukari, mara sita si sheria. Siku yake ya kliniki mwende na dawa zake zote mkononi, na muulize kama ipo kati yake inayomlazimu kula kwa saa maalumu. Wakisema ipo, waulize pia kama inaweza kubadilishwa, maana kwa mama wa umri wake mwenye figo zinazofanya kazi kuna dawa zisizomshusha sukari namna hiyo.